Dakika 35 anazokatisha baba kwenye mashine ya figo

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, baba mmoja wa Dar es Salaam hutoka nyumbani alfajiri kwenda kusafishwa damu. Ana miaka 46 na uzito wa kilo 70, na hapati mkojo tena. Daktari amemwandikia saa 4 kwenye mashine kila anapokwenda. Familia hii ni ya mfano, lakini wauguzi wa vituo vya figo wanaifahamu vizuri, maana kila wiki wanakutana na mtu wa namna yake.

Tatizo la baba huyu ni mtoto wa darasa la pili. Mtoto anatoka shule saa sita na nusu mchana, mama yake yuko sokoni mpaka jioni, na hakuna mwingine wa kumpokea. Basi ikikaribia saa sita, baba huanza kujigeuza kwenye kiti.

“Sista, nifungue mapema leo.”

“Baba, bado dakika ishirini.”

“Dakika ishirini ni nini, sista? Nimekaa hapa tangu asubuhi.”

Muuguzi humwandikisha kwamba ameomba mwenyewe kutoka, kisha humfungua. Baba huondoka mbio kuwahi daladala.

Nyumbani mambo yamebadilika taratibu. Baba hamalizi chakula, anasema nyama ina ladha ya chuma. Usiku anajikuna mgongo na miguu mpaka shuka linapata alama za damu. Mkewe amebadilisha sabuni, amepunguza viungo kwenye mchuzi, amefikiri labda mume hapendi tena mapishi yake. Mtoto amemwuliza mama yake kwa nini baba analala tu hata siku asiyokwenda hospitali.

Mwisho wa mwezi likaja jibu la damu. Baba alisoma mstari mmoja tu: yurea kabla ya kusafishwa 25, baada ya kusafishwa 10.5. “Imeshuka zaidi ya nusu,” akamwambia mkewe, “mambo mazuri.” Chini ya mstari huo kulikuwa na namba mbili ambazo hakuzisoma: URR asilimia 58, na Kt/V 1.03. Namba hizo mbili zilikuwa zikisema kwamba damu yake haisafishwi vya kutosha.

Kwa nini inapimwa yurea

Mtu anapokula nyama, samaki, maharage au mayai, mwili hutumia protini na kubakiwa na taka. Ini huigeuza taka hiyo kuwa yurea na kuiachia kwenye damu, na figo nzima huitoa kwa mkojo. Figo zikishindwa, yurea hubaki ndani pamoja na taka nyingine nyingi.

Yurea yenyewe si sumu kali kuliko zote zinazobaki. Inapimwa kwa sababu ni nyepesi kupima katika maabara yoyote, iko nyingi, na hupita kwa urahisi kwenye vitundu vya kichujio cha mashine. Ikiwa yurea, ambayo ni rahisi kutoka, haikutoka vya kutosha, basi taka ngumu zaidi zimebaki kwa wingi zaidi.

Lakini kiasi cha yurea peke yake hakitoshi kusema kama mtu anasafishwa vizuri. Mgonjwa aliyeacha kula huja na yurea ya chini, nayo inaweza kumfurahisha asiyejua. Imekuwa chini kwa sababu hakuna protini inayoingia, huku misuli ikiendelea kuisha. Kwa hiyo wataalamu hawaulizi tu yurea ni ngapi. Wanauliza: katika kipindi hiki kimoja, mashine imetoa sehemu gani ya yurea iliyokuwamo?

Damu huchukuliwa mara mbili, siku moja

Jibu la swali hilo hutokana na sampuli mbili za damu, zote za kipindi kimoja. Kwa kawaida kipimo hiki hufanywa mara moja kwa mwezi, na namna ya kuchukua sampuli ina uzito kama maabara yenyewe.

Sampuli ya kwanza huchukuliwa kabla damu haijaanza kuzunguka kwenye mashine. Muuguzi akishachoma sindano kwenye fistula, huvuta damu kabla ya kuingiza maji ya chumvi au dawa ya kuzuia damu kuganda. Kwa mwenye mpira wa shingoni, kile kilichojazwa ndani ya mpira hutolewa kwanza. Sampuli ikichanganyika na maji, yurea ya mwanzo itaonekana ndogo kuliko ilivyo, na kazi ya mashine nayo itaonekana ndogo.

Sampuli ya pili ndiyo yenye mtego. Kipindi kinapokwisha, baadhi ya damu iliyotoka kusafishwa huweza kuzungukia palepale kwenye sindano na kurudi mashineni bila kupita mwilini. Ukiivuta damu hiyo, utapima damu safi ya mashine badala ya damu ya mgonjwa, na jibu litakuwa zuri la uongo. Kwa hiyo muuguzi kwanza husimamisha uvutaji wa maji mwilini, kisha hupunguza kasi ya pampu ya damu mpaka mililita 100 kwa dakika, na kusubiri sekunde 15 hivi. Hapo mpira unaotoka kwa mgonjwa huwa umejaa damu halisi ya mwili. Ndipo anavuta sampuli. Vituo vingine husimamisha maji ya kusafishia kwa dakika chache na kuacha pampu iendelee. Njia zote mbili zinakubalika, ila kituo kitumie ileile kila mwezi, vinginevyo jibu la Machi halitalinganishwa na la Aprili.

Kuchelewa nako kuna makosa yake. Mashine husafisha damu haraka kuliko misuli inavyoweza kuachia yurea yake. Mashine ikisimama, yurea iliyokuwa imejificha kwenye misuli huendelea kuingia kwenye damu kwa nusu saa mpaka saa nzima. Sampuli iliyovutwa mgonjwa akiwa ameshafungwa bandeji na anatafuta viatu vyake itaonyesha yurea kubwa kuliko ile ya mwisho wa kipindi, na Kt/V itashuka bila sababu.

Hesabu ya kwanza: asilimia iliyotoka

Hesabu nyepesi inaitwa URR, nayo ni asilimia ya yurea iliyopungua. Mzazi anaweza kuifanya kwa simu akiwa kwenye benchi la kliniki. Toa yurea ya baada kwenye yurea ya kabla, gawanya kwa ile ya kabla, zidisha kwa 100.

Kwa baba wa mfano: 25 toa 10.5 ni 14.5. Gawanya kwa 25 unapata 0.58, yaani asilimia 58. Kwa anayesafishwa mara tatu kwa wiki, kiwango cha chini kinachokubalika ni asilimia 65. Kwa hiyo “imeshuka zaidi ya nusu” ni kweli, lakini nusu na kidogo haifikii kiwango.

Hesabu hii ina upungufu mmoja. Haijui kwamba mashine ilimtoa baba lita 2.5 za maji, na maji yanayotoka huondoka na yurea yake. Wala haijui kipindi kilichukua muda gani. Ndiyo maana kuna hesabu ya pili.

Hesabu ya pili: Kt/V

Kt/V inaonekana kama fumbo, lakini ni herufi tatu zenye maana ya kawaida. K ni kasi ya kichujio: lita ngapi za damu zinaondolewa yurea yote kila dakika. t ni muda. V ni maji yote yaliyomo mwilini, maana yurea imeenea kwenye maji hayo yote.

Fikiria pipa la lita 40 lenye maji machafu uani. Una chujio linalosafisha lita 0.2 kila dakika na kuyarudisha maji safi pipani. Ukichuja kwa dakika 240, utakuwa umepitisha lita 48. Gawanya 48 kwa 40 unapata 1.2. Hiyo ndiyo Kt/V: pipa zima limepitishwa mara moja na kidogo.

Mtu atauliza, kama pipa zima limepita chujioni na zaidi, mbona uchafu haujaisha? Ni kwa sababu maji safi yanarudi pipani na kuchanganyika na machafu, kwa hiyo unachuja tena kilekile ulichokwisha kuchuja. Mwanzoni chujio hutoa uchafu mwingi, na kadiri maji yanavyokuwa safi ndivyo kila dakika inavyotoa kidogo. Ndivyo ilivyo kwa damu. Kt/V ya 1.2 huendana na URR ya asilimia 65 hivi.

Hospitalini hakuna anayemimina maji ya mgonjwa kwenye kipimo ili kujua V. Wengi hutumia hesabu iliyotolewa na daktari Mmarekani, John Daugirdas, mwaka 1993, ambayo hupata Kt/V kutokana na sampuli mbili za yurea, muda, maji yaliyotolewa na uzito baada ya kusafishwa. Kompyuta ya maabara huifanya, lakini imeandikwa hivi:

```
Kt/V = -ln(R - 0.008 x t) + (4 - 3.5 x R) x UF / W
```

R ni yurea ya baada igawanywe kwa ya kabla. Kwa baba ni 10.5 kwa 25, yaani 0.42. UF ni lita za maji zilizotolewa, 2.5. W ni uzito baada ya kusafishwa, kilo 70. t ni muda kwa saa, na hapa ndipo muuguzi alipouliza swali lililobadilisha mambo.

Saa 4 zilikuwa wapi?

Siku ya kliniki, mama alifuatana na mumewe. Daktari aliwaonyesha karatasi na kusema kipimo kimetoka 1.03, wakati kinatakiwa kisipungue 1.2, na kituo hulenga 1.4 ili siku mbaya isimshushe mtu chini ya mstari. Baba akajitetea.

“Daktari, nakaa saa nne kama ulivyoandika.”

Muuguzi akafungua daftari la siku ya kipimo. Mashine iliandikwa saa 2:05 asubuhi damu ilipoanza kuzunguka. Katikati kengele ilipiga mara tatu kwa sababu baba aliukunja mkono wenye sindano, na damu ikasimama. Mara moja presha ilishuka na pampu ikapunguzwa. Jumla ya kusimama ilikuwa dakika 15. Mwisho baba aliomba kutoka dakika 20 kabla ya muda. Kwenye kiti alikaa karibu saa nne zote. Damu ilisafishwa kwa dakika 205, yaani saa 3 na dakika 25.

Mama akashika karatasi. “Kwa hiyo zimepotea dakika 35?”

“Ndiyo, mama. Na kama ni hivyo kila siku, kwa wiki ni saa moja na dakika 45.”

Daktari hakukimbilia kuongeza muda. Alianza kwa kukagua sababu nyingine, kwa sababu Kt/V ndogo inaweza kutoka sehemu nyingi. Aliuliza kama sampuli ya pili ilichukuliwa kwa utaratibu. Akatazama kasi ya pampu ya damu katika vipindi vya mwezi mzima, kwa maana pampu iliyoandikiwa mililita 300 kwa dakika lakini ikaenda 220 huchuja kidogo hata ukikaa siku nzima. Akaweka vidole juu ya fistula kuhisi mtetemo wake na kusikiliza mvumo, kwa sababu mshipa uliosinyaa hauruhusu damu ya kutosha, au huifanya damu safi izunguke palepale. Akaangalia kichujio kama hutoka kikiwa kimeganda damu, dalili kwamba sehemu ya vitundu vyake imeziba kabla ya wakati.

Vyote vilikuwa sawa. Kilichobaki ni muda.

Dakika zinavyogeuka kuwa namba

Kasi ya kuchuja isipobadilika, Kt/V hupanda karibu sambamba na muda. Si hesabu ya kupima dhahabu, lakini inatosha kupangia.

Baba alipata 1.03 kwa dakika 205. Ili afike 1.2, zidisha 205 kwa 1.2 kisha gawanya kwa 1.03. Unapata dakika 239. Hizo ni saa 4 kasoro dakika moja. Kwa maneno mengine, alichoandikiwa tangu mwanzo kingetosha kumvusha mstari wa chini, kama angekipata chote.

Ili afike lengo la 1.4, zidisha 205 kwa 1.4, gawanya kwa 1.03. Unapata dakika 279, yaani saa 4 na dakika 39. Hapo baba alinyamaza. Alikuja akitumaini kupunguziwa, na karatasi inamwambia aongeze.

“Hakuna kichujio kikubwa zaidi?” mama akauliza.

Kipo, na ni swali zuri. Kichujio kikubwa zaidi au pampu ya kasi zaidi vinaweza kupandisha K, na wakati mwingine daktari huanza huko. Ila vina mpaka. Fistula hutoa damu kwa kadiri ya uwezo wake. Tena kuna taka nyingine, kama fosfeti inayochangia kujikuna na kuharibu mifupa, ambazo hutoka kwenye tishu polepole. Kwa hizo, pampu ya haraka haisaidii kama dakika zinavyosaidia.

Maji nayo yana saa yake. Baba huongezeka lita 2.5 kati ya kipindi na kipindi. Zikitolewa kwa dakika 205, ni kama mililita 10 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Wataalamu wengi hawapendi ipite 13, kwa sababu kuvuta maji haraka hushusha presha, huleta mkazo wa misuli na huchosha moyo. Akija siku moja na lita 4 baada ya sherehe, kwa saa 4 itakuwa zaidi ya 14. Siku hiyo anahitaji muda mrefu zaidi hata kama Kt/V yake ni nzuri. Ndiyo maana miongozo ya Marekani inasema asiye na mkojo wa maana, anayesafishwa mara tatu kwa wiki, asipangiwe chini ya saa 3 kwa kipindi, hata kama yurea inashuka haraka.

Anayekwenda mara mbili kwa wiki

Namba za 1.2 na 1.4 ni za mtu anayesafishwa mara tatu kwa wiki. Afrika Mashariki familia nyingi haziwezi hivyo. Kenya, kwa miaka mingi, mfuko wa NHIF ulilipia vipindi viwili kwa wiki, na wengi walifuata bima yao. Kwingine familia hulipa mfukoni na kuchagua mara mbili kwa sababu ya fedha.

Mgonjwa wa namna hiyo akisoma 1.2 kwenye karatasi, asidhani yuko sawa na jirani yake wa mara tatu. Vipindi ni vichache, na yurea hupata siku tatu au nne za kupanda bila kuguswa. Wala haiwezekani kufidia kwa kusafisha kwa nguvu maradufu siku hizo mbili, kwa sababu mwishoni mwa kipindi kirefu kila dakika hutoa kidogo, kama pipa lile lililokwisha kuwa safi. Kwa ajili hiyo daktari hutumia hesabu nyingine inayokusanya wiki nzima, ambayo miongozo inataka isipungue 2.1 na ilenge 2.3.

Kinachoweza kumwokoa wa mara mbili ni figo zake mwenyewe, kama bado zinafanya kazi kidogo. Hizo hazilali Jumanne wala Jumapili. Kuzipima, mgonjwa hukusanya mkojo wote kwenye chombo tangu kipindi kimoja mpaka kingine, na maabara hupima yurea ya mkojo na ya damu. Figo zikiwa bado zinasafisha angalau mililita 2 za yurea kwa dakika, ratiba ya mara mbili inaweza kufikiriwa. Zikiwa chini ya hapo, ratiba hiyo haimtoshi. Kipimo hicho hurudiwa kila miezi michache, kwa sababu mkojo huendelea kupungua na mwenyewe haoni. Na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa dukani bila kuuliza, zinaweza kuumaliza mkojo uliobaki.

Namba nzuri inayodanganya

Kt/V inaweza pia kupanda kwa sababu mbaya. V ni maji ya mwili, na misuli ndiyo ghala kubwa la maji hayo. Mgonjwa akikonda kwa kukosa chakula, V hupungua, na kasi ileile kwa muda uleule hutoa namba kubwa zaidi. Karatasi inasema 1.6 huku suruali inafungwa kwa kamba. Mtu mwembamba kwa hiyo hapunguziwi muda kwa sababu ya namba pekee. Daktari hutazama uzito, chakula, albumini na nguvu zake.

Na kuongeza bila mwisho si dawa. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao HEMO, uliotolewa mwaka 2002 na kuhusisha wagonjwa 1,846 waliosafishwa mara tatu kwa wiki, ulilinganisha kiwango cha kawaida na kiwango cha juu zaidi. Kwa jumla, waliopewa kiwango cha juu hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao. Mstari wa chini una maana kubwa. Kuuvuka kwa mbali kunaongeza kidogo.

Zamu ya mchana

Baba hakukubali siku ile. Alisema atafikiria. Njiani, ndani ya daladala, mkewe hakumtajia Kt/V wala URR.

“Baba, shida ni mtoto, au shida ni mashine?”

“Mtoto. Hiyo mashine nimeshaizoea.”

Jioni mama alimpigia simu shangazi wa mtoto, anayekaa mtaa wa pili, akamwomba ampokee shuleni siku tatu hizo. Mwezi wa kwanza baba alibaki zamu ileile ya asubuhi, akakaa mpaka mashine ilipojizima yenyewe. Aliacha pia kukunja mkono. Simu akaihamishia mkono wa pili, na kengele zikapungua. Kipimo cha mwisho wa mwezi kilikuwa yurea 24 kabla na 8.6 baada, kwa dakika 240 kamili. URR ikawa asilimia 64, na Kt/V 1.22. Alikuwa amevuka mstari kwa kucha.

Kuongeza dakika 40 zamu ya asubuhi hakukuwezekana, kwa sababu mgonjwa mwingine huwa anasubiri kiti. Muuguzi akapendekeza zamu ya mwisho, inayoanza saa nane mchana, ambako hakuna anayesukuma nyuma. Ikawa baba mwenyewe anampokea mtoto shuleni saa sita na nusu, anakula naye, anamwacha kwa shangazi, kisha anakwenda kituoni. Hurudi usiku mtoto akiwa amelala, na hilo halikumpendeza. Lakini siku nne zilizobaki anakuwa nyumbani akiwa macho.

Mwezi wa pili, kwa dakika 280, yurea ilitoka 24 ikafika 7.4. URR asilimia 69, Kt/V 1.41. Kujikuna kulipungua, hakukwisha. Daktari alisema fosfeti bado iko juu na akazungumza naye kuhusu dagaa na vidonge vya kumeza pamoja na chakula. Nyama iliacha kuwa na ladha ya chuma.

Karatasi ya kipimo sasa mama ameibandika jikoni, nyuma ya mlango. Amezungushia kalamu sehemu mbili: Kt/V, na pembeni yake dakika ambazo damu ilisafishwa. Ya pili haikuwa imeandikwa na maabara. Baba huiomba kwa muuguzi kila Ijumaa kabla hajavaa viatu, na akifika nyumbani huiandika mwenyewe.